Wakuu tuache kuandika "bonyeza kitufe hapo chini" kwenye meseji, kuna watu hicho kitufe hawana

mshona_meseji (mwanzisha uzi)

Habari za jioni wakuu. Mi ni developa wa kawaida tu, nimeshikilia mfumo wa meseji wa saccos moja ya wakulima huku nyanda za juu, na kuna jambo limenitokea wiki iliyopita nimeona nisibaki nalo peke yangu.

Mfumo unatuma ujumbe wa marejesho ya mkopo kila mwezi. Mwanachama mwenye WhatsApp anapata WhatsApp, na kama namba yake haina WhatsApp basi maneno yaleyale yanaenda kwa SMS ya kawaida. Ujumbe ulikuwa huu hapa, niliuandika mwenyewe:

> Ndugu mwanachama, muda wa rejesho lako umekaribia. Taarifa kamili imeambatanishwa hapa. Kama tarehe inakufaa bonyeza kitufe cha NDIYO hapo chini, kama haikufai bonyeza HAPANA.

Kwenye simu yangu ulikaa vizuri kweli, PDF juu, maneno katikati, batani mbili chini, nikaona kazi imeisha.

Jumatatu akaja bibi mmoja ofisini, katoka kijijini kwa nauli yake, kitochi mkononi. Akaniambia "mwanangu, hicho kitufe cha chini nakibonyeza tangu juzi, ujumbe unanikimbia." Nikamwomba anioneshe. Akafungua meseji yangu, akashuka mpaka neno la mwisho, afu akabonyeza kile kitufe cha kushukia pale katikati ya simu. Simu ikaruka ikaenda meseji nyingine. Akarudi, akajaribu chekundu, meseji ikafunga. Alikuwa anafanya nilichomwambia, neno kwa neno. Kitufe cha chini anacho, tena vipo vingi, ila cha NDIYO hakipo popote. Na hiyo "taarifa kamili" hakuwa nayo pia, kwa hiyo hata kiasi anachodaiwa hakukijua maana mimi kiasi nilikiweka ndani ya PDF. Alikuwa na hofu kwamba asipobonyeza atahesabiwa kakataa kulipa.

Nimekaa nikapitia maandishi yote ya mfumo nikitafuta maneno ya namna hii, nimetumia hii:

```
grep -rniE "kitufe|batani|bonyeza|gusa|hapo (chini|juu)|ambatan" ujumbe/
```

Jumbe 34 zimetoka kati ya 60 na kitu. Sasa wenye uzoefu naomba mnisaidie, mnaandikaje ujumbe mmoja unaoenda kwenye simu ambazo hujui zina nini? Mi nafikiria tusitaje kabisa batani wala faili, lakini sijui mtu atajuaje afanye nini.

---

kodi_na_kahawa

Mkuu hii mbona rahisi. Toa "bonyeza kitufe" weka "jibu 1 kwa ndiyo, 2 kwa hapana". Kila simu duniani inaandika 1. Mwenye batani atabonyeza, asiye na batani ataandika, umemaliza. Sisi tunafanya hivyo kwenye boti ya kuagiza gesi na hatujawahi kulalamikiwa.

---

mkongwe_wa_getiwei

@kodi_na_kahawa nusu yake uko sahihi, na hiyo nusu nyingine ndiyo itamrudisha bibi ofisini mara ya pili.

@mshona_meseji nikuulize kwanza. Hizo SMS zako zinatoka kwa jina au kwa namba? Yani mwanachama anaona jina la saccos pale juu, au anaona namba?

---

mshona_meseji

Zinatoka kwa jina mkuu. Tulisajili jina la saccos ili watu wasidhani ni matapeli.

---

mkongwe_wa_getiwei

Basi hawawezi kujibu. Jina la herufi halipokei, ni njia ya kwenda tu. Simu nyingine mtu akijaribu kujibu inamwambia ujumbe umeshindwa, nyingine inamruhusu aandike "1" afu haifiki popote na yeye anakaa akijua kajibu. Kwa hiyo ukiandika "jibu 1" kwenye meseji inayotoka kwa jina umefanya kosa lilelile la kitufe, umetaja mlango ambao haupo. Ili mtu ajibu unahitaji namba fupi inayopokea au namba kamili ya simu iliyounganishwa na mfumo. @kodi_na_kahawa nyie boti yenu ya gesi naamini iko WhatsApp tu, kule kujibu kupo muda wote ndiyo maana haikuwauma.

Nieleze ninavyoliona, nimefanya kazi ya kupitisha meseji miaka mingi. Anayeandika maneno hajui yatatua wapi. Anayejua ni ile sehemu ya mfumo inayotuma, maana hiyo ndiyo inachagua WhatsApp au SMS au Telegram. Sasa ukimpa mwandishi kazi ya kutaja batani umempa kazi ya kusema kitu asichokiona. Maneno yabebe jambo lenyewe, ni pesa ngapi, ni lini, tunataka kujua nini kwako. Batani na faili vikae pembeni kama vitu tofauti, na mtumaji aamue kama vinaonekana na vinaonekanaje.

Na kuna sababu ya bibi kubonyeza vitufe vya simu, hajakosea hata kidogo. Watu wetu neno "bonyeza" wamelijua kwenye simu ya sauti, "kwa Kiswahili bonyeza moja", na kwenye menyu za *150*00# na nyingine za aina hiyo. Kule bonyeza ni bonyeza kweli, kidole kwenye kitufe cha simu, na kitufe kipo. Miaka yote hiyo wamefundishwa hivyo, wewe leo unatumia neno lilelile kumaanisha picha iliyochorwa kwenye kioo cha simu nyingine.

---

shemeji_wa_ubungo

Na mimi nina tatizo hilohilo, ile alama ya kutuma faili kwenye WhatsApp yangu nikigusa hainiletei mafaili, picha tu ndo zinakuja. Msaada wakuu

---

mshona_meseji

@shemeji_wa_ubungo pole mkuu, yako ni tofauti kidogo. Ingia mipangilio ya simu, tafuta WhatsApp kwenye orodha ya app, angalia ruhusa zake za mafaili, huenda imezimwa. Ikikataa anzisha uzi wake watu wakusaidie vizuri.

---

kodi_na_kahawa

@mkongwe_wa_getiwei nimekuelewa, ni kweli tuko WhatsApp tu. Ila basi hata huko WhatsApp kuna kitu hiyo "jibu 1" imetusumbua, nakumbuka sasa. Mteja alipata ujumbe wa asubuhi "1 mtungi mdogo, 2 mtungi mkubwa" hakujibu, jioni tukamtumia "1 nimepokea, 2 sijapokea" kwa oda yake ya jana, akajibu 1. Mfumo ukachukua kapokea. Kumbe yeye alikuwa anajibu ya asubuhi, anataka mtungi mdogo. Hiyo tuliitatuaje sikumbuki, nadhani tulimpigia.

---

mkongwe_wa_getiwei

Umetoa mfano mzuri sana, namba tupu haina kumbukumbu. Neno linabeba maana yake, mtu akiandika "mdogo" unajua anaongelea mtungi hata kama ujumbe wa mwisho ulikuwa wa kitu kingine. Kwa hiyo mi hupendelea swali linaloulizwa kwa maneno ambayo jibu lake la kawaida linajitosheleza. Badala ya "1 au 2" uliza "Unataka mtungi mdogo au mkubwa?" Hapo hujataja kitufe, hujataja namba, na mwenye batani atakuta zimeandikwa Mdogo na Mkubwa, asiye nazo ataandika neno. Upande wa kupokea ndiko kazi iliko, ukubali ndiyo, ndio, ndyo, eeh, sawa, poa, na "inanifaa", na kwa Kiswahili chetu ukubali pia "hamna shida" bila kuiona ile "hamna" ukasema kakataa. Nimeona mfumo umesoma "hamna shida" kama hapana.

Na batani zenyewe zina umri. WhatsApp batani ya zamani inabaki pale kwenye mazungumzo, mtu anaweza kupanda juu akaigusa ile ya Juni wakati mko Agosti. Kwa hiyo kitambulisho cha batani kibebe tarehe au namba ya mkopo, kisiwe "ndiyo" tupu. Messenger ni kinyume, yale majibu ya haraka ya mviringo yakiguswa moja yote yanatoweka, na kwenye RCS, ile SMS ya kisasa yenye batani, vilevile yanaonekana ujumbe huo ukiwa ndio wa mwisho tu. Sasa fikiria umeandika "chagua moja hapo chini", mtu anarudi kesho kusoma, chini hamna kitu. Sentensi yako imebaki inaonesha kidole hewani.

---

binti_msambaa

Naomba niongezee la kwetu nyumbani. Baba yangu haoni, anatumia simu ya kioo kwa TalkBack inamsomea. Ujumbe ukisema "gusa kitufe cha kijani hapo chini" kwake kijani hakuna na chini hakuna, kwake kuna kinachofuata na kilichopita tu. Lakini kitufe chenyewe akikifikia kinasomwa jina lake na kwamba ni kitufe, kwa hiyo hahitaji kuambiwa kipo, atakikuta. Kinachomsumbua zaidi ni jina la kitufe. Vikiwa viwili vimeandikwa NDIYO na HAPANA na swali limeshapita sentensi tatu nyuma, inabidi arudi asikilize upya ndiyo ya nini. Kimoja kikiandikwa "Tarehe inanifaa" anajua hapohapo.

---

mshona_meseji

Asante dada binti_msambaa, hilo la jina la kitufe sikulifikiria kabisa na ni kweli hata kwa anayeona.

Wakuu nimejaribu kuandika upya, nimeleta kiasi kwenye maneno, nimetoa kitufe na faili. Mtoe makosa:

> Ndugu mwanachama, rejesho lako la mkopo ni TSh 85,000, tarehe 28/6. Salio baada ya hapo TSh 340,000. Tarehe hiyo inakufaa? Kama haikufai tujulishe kabla ya 25/6.

Na ndani ya mfumo nimevitenganisha hivi:

```
{
  "mwili": "...",
  "chaguo": [
    {"id": "rejesho_2806_ok", "jina": "Tarehe inanifaa"},
    {"id": "rejesho_2806_badili", "jina": "Naomba nyingine"}
  ],
  "faili": "taarifa_juni.pdf"
}
```

---

mkongwe_wa_getiwei

Huu ni ujumbe mwingine kabisa, hongera. Bibi angeusoma angejua anadaiwa ngapi na lini, nauli yake ingebaki.

Nina mawili. La kwanza nimezihesabu herufi, ni 161 ukichanganya na nafasi. SMS moja inabeba 160. Ikizidi hata herufi moja inakatwa vipande vya 153, kwa hiyo unalipia mbili kwa kila mwanachama kwa ajili ya nukta ya mwisho. Toa neno "mwanachama" libaki "Ndugu," unashuka 150. Na uangalie kama unaandika kwenye programu inayopindisha alama ya ng'ombe. Ile alama iliyonyooka imo kwenye herufi za SMS, iliyopinda haimo, na ikiingia moja tu ujumbe wote unabadilika unabeba herufi 70. Mkopo wa ng'ombe mmoja umewahi kutugharimu SMS tatu tatu, hatukuelewa mpaka tulipoangalia alama.

La pili ni kubwa zaidi. SMS yako inatoka kwa jina, hawezi kujibu. Sasa kwa nini unamuuliza swali? "Tarehe hiyo inakufaa?" kwenye SMS ni swali lisilo na pa kulijibia, mtu atabaki na deni la kujibu. Huku kwenye njia isiyorudi ondoa swali, acha taarifa na njia halisi ya kukufikia. Yani mtumaji akijua ni SMS alete hivi:

> Ndugu, rejesho lako la mkopo ni TSh 85,000, tarehe 28/6. Salio baada ya hapo TSh 340,000. Kama haikufai tujulishe kabla ya 25/6. Simu: 07XXXXXXXX

Na namba yako halisi ya tarakimu kumi inafika 145, SMS moja. Swali lenyewe lifungwe pamoja na yale machaguo ndani ya mfumo wako, lisiwe kwenye mwili. Chaguo zikiwezekana swali linaonekana, zisipowezekana na kujibu hakuna, swali linaondoka nazo.

---

mshona_meseji

Duh. Nilikuwa nafikiri kazi ni kuficha neno kitufe tu. Kumbe swali lenyewe ni la kitufe. Nimelihamisha.

---

dada_wa_kaunta

Samahanini, mimi si developa, nipo kaunta ya saccos nyingine ambayo nayo inatuma WhatsApp, na kidogo sikubaliani na nyie. Mnasema msitaje batani. Sawa kwa wenye kitochi. Ila mimi napokea wamama wenye simu za kioo walizonunuliwa na watoto wao, ujumbe upo, batani zipo, na hawazigusi. Wanaziona kama mapambo, au kama maandishi mengine tu. Wanaandika barua nzima, "Habari za huko, mimi mwanachama nimepokea ujumbe wenu tarehe nimeiona ila mvua zimechelewa naomba...", afu mfumo unawajibu sijaelewa chagua moja. Sasa hawa msipowaambia kwamba kile kinaguswa watajuaje? Nyinyi mnatetea wasio na batani, hawa wenye nazo wasiozijua nani anawatetea?

---

kodi_na_kahawa

Dada una hoja nzito. Ila hapo naona kosa ni la mfumo kumjibu "sijaelewa". Huyo mama kajibu vizuri kuliko batani, kasema na sababu.

---

mkongwe_wa_getiwei

@dada_wa_kaunta sikupingi, hao watu wapo na ni wengi. Ila angalia nani anawaambia. Mwandishi wa maneno akisema "gusa kitufe" maneno yale yataenda na kwenye SMS. Mtumaji wa WhatsApp akiongeza mwenyewe mstari mdogo mwishoni, huyo anajua kwa hakika batani ameziweka. Ujumbe wa batani wa WhatsApp una nafasi ya mstari wa chini wa kijivu, herufi 60, unatosha "Gusa jibu lako, au andika kwa maneno yako." Mstari huo unazaliwa na batani na unakufa nazo. SMS hauuoni kamwe. Kwa hiyo tunaweza kutaja, ila mtajaji awe yule anayekishika kitu mkononi.

Mimi binafsi bado huwa siuweki, maana nimeona mtu akisomewa ujumbe na mwanae kwa simu, mama yuko shambani kijana yuko mjini, na kijana anamsomea mpaka huo mstari wa "gusa", mama anauliza niguse nini. Lakini kwa wanachama wako wewe wa kaunta labda faida inazidi, wewe ndiye unawaona.

---

dada_wa_kaunta

Kwetu inazidi, naamini. Huo wa "au andika kwa maneno yako" nimeupenda, unawaruhusu. Ila mfumo wetu uwe unasoma kweli hayo maneno yao, la sivyo ni kuwadanganya. Nitawaambia watu wetu wa mfumo.

---

mpwani_001

Salaam kwenu. Naandika toka Mombasa. Nimefuata mazungumzo kwa makini, nauliza habari ya faili maana naona mumeliacha. Mimi natengeneza ujumbe wa risiti za karo za madrasa. Nilikuwa naandika "risiti yako ni hiyo hapo juu" kwa sababu natuma PDF kwanza halafu maneno. Wazazi wengine wakasema hawaoni risiti, wengine maneno yamefika kabla ya risiti, yaani "hapo juu" kwao ni ujumbe wa mwezi uliopita, wakafungua risiti ya zamani wakaja juu tumewatoza mara mbili. Nimeshindwa kujua kosa liko wapi.

---

mkongwe_wa_getiwei

Waalaikum salaam ndugu. Kosa ni kudhani zitafika kwa mpangilio ulioutuma. WhatsApp haikuhakikishii hilo, ujumbe mbili ukizituma zimefuatana ya pili inaweza kutangulia, hasa ya kwanza ikiwa faili ambalo lazima lichukuliwe kwanza toka seva yako. Ukitaka mpangilio, subiri ya kwanza irudishe `delivered` ndipo utume ya pili. Lakini hata hivyo usiseme juu wala chini.

Njia ninayoitumia mimi, maneno yanayohusu faili yanakaa kwenye faili lenyewe. Ukituma PDF WhatsApp inakuruhusu kuweka maelezo yanayokwenda nalo pamoja, ujumbe mmoja. Hapo unaweza kuandika "Risiti ya karo, Juni, KSh 3,000" bila wasiwasi, maana faili lisipofika na maneno hayo hayafiki, hakuna ahadi inayobaki peke yake. Na ule ujumbe mwingine wa maneno useme kilichotokea tu, "Tumepokea KSh 3,000 ya karo ya Juni, bakaa hakuna." Mzazi ambaye hana bando la kupakua PDF ameshapata jibu lake. Wengi wamezima upakuaji wa wenyewe, faili kwao ni kialama tu, hawakifungui mpaka wafike kwenye waifai.

Na jina la faili libebe mwezi. `risiti.pdf` kila mwezi ndiyo iliyowachanganya, `risiti_karo_juni.pdf` mtu anaiona bila kufungua.

---

mpwani_001

Ahsante sana, hili la maelezo kukaa na faili limenifungua. Jina la faili ndilo hasa, yote yalikuwa yanaitwa risiti.pdf.

---

kijana_wa_njia_fupi

Mimi nilitumia ile njia ya kuskani QR na kutuma kwa laibrari ya bure, siyo ya WhatsApp yenyewe. Batani zilionekana vizuri kwenye simu yangu, nikaandikia wateja "chagua hapo chini". Wakanijibu wapi. Wengine ujumbe ulikuja maneno matupu, wengine haukuja kabisa. Na kwenye kumbukumbu za seva kila kitu kinaonesha umetumwa.

---

mkongwe_wa_getiwei

Ndiyo, batani kwa njia hiyo zilishavunjika na waliotengeneza laibrari wenyewe wakaacha kuzitegemea. Hata ikifanya kazi leo kesho inazimika bila kuambiwa. Funzo kwa uzi huu ni kwamba "umetumwa" haisemi umeonekanaje. Simu yako haiwezi kuwa shahidi wa simu ya mteja.

Dalili nzuri kuliko kumbukumbu za seva ni majibu ya watu wenyewe. Tafuta kwenye yaliyoingia maneno kama "kitufe gani", "sioni", "wapi", "hamna kitu". Ukiyakuta matatu manne kwa ujumbe uleule basi ujumbe huo unataja kisichokuwepo.

---

binti_msambaa

@mshona_meseji hiyo grep yako ya mwanzo ina tundu dogo. "ambatan" inanasa kiambatanisho na imeambatanishwa, ila wanaoandika "kiambatisho" wanapita. Weka:

```
ambat(an|i)
```

Na "chagua" hukuiweka, "chagua moja kati ya hizi" nayo ni ya batani kama hizo "hizi" hazijaandikwa kwenye maneno.

---

mshona_meseji

Kweli dada, nimerudia, zimeongezeka 5, kati yake 3 zilikuwa za "kiambatisho".

Wakuu nawaletea mrejesho. Ya WhatsApp ni templeti, yani maneno yanayoidhinishwa na WhatsApp kwanza, maana tunaanza sisi mazungumzo, na mteja akiwa hajatuandikia ndani ya masaa 24 huwezi kutuma kitu kingine, kwa hiyo kubadilisha maneno ilibidi yaidhinishwe upya. Katika kuhangaika nikagundua jingine. Batani ya templeti ikiguswa jibu linarudi na aina ya `button`, siyo `interactive` kama za ujumbe wa kawaida, na kodi yangu ilikuwa inasikiliza `interactive` peke yake. Maana yake hata walioziona na kuzigusa tangu Machi majibu yao nilikuwa nayatupa. Nimeumia sana kuliona hilo. Nimeyapata kwenye kumbukumbu za seva, naanza kuwapigia walioomba tarehe nyingine mmoja mmoja.

Za kitochi zimeenda juzi kwa SMS, ile ya herufi 145. Bibi kapiga simu mwenyewe jana saa nne asubuhi, kaomba tarehe 5 mwezi ujao kwa sababu mahindi bado hayajauzwa. Nimemwandikia.

---

dada_wa_kaunta

Hao wa tangu Machi waliogusa wakaona kimya, mmewaambiaje? Maana kwetu mtu akigusa afu asijibiwe, mara ya pili hagusi tena hata umwelekeze vipi.

---

mshona_meseji

Nimewaambia ukweli dada, kwamba jibu lao lilifika na sisi hatukulisoma. Wawili wamesema waliamua kupiga simu kaunta wakati ule, wengine walilipa tu kwa tarehe isiyowafaa. Na kuanzia sasa kila anayejibu, kwa batani au kwa maneno, anarudishiwa ujumbe unaotaja alichosema, "Tumebadilisha, rejesho lako sasa ni tarehe 5/7." Kuhusu ule mstari wa kijivu bado sijaamua. Nataka nikae kaunta siku ya mikopo niwaangalie kwanza wanavyoshika simu.